Jual: Mzizi Mmoja, Milango Mitatu

Katika Kiindonesia, mzizi wa kuuza ni jual. Ukisema *Ibu menjual ikan*, mama anauza samaki: me- inamweka mtendaji mbele. *Ibu berjualan* ina ladha nyingine: mama ni mchuuzi, hiyo ndiyo shughuli yake, na bidhaa si lazima itajwe. Kibao cha *Rumah dijual* kinatangaza nyumba inauzwa. Sisi hutendewa mwishoni mwa kitenzi, kwa -w-. Wao hutendewa mwanzoni, kwa di-.

Lakini muuzaji akiwa mimi, di- huondoka: *Rumah itu saya jual*. Wengi, hata wenyeji, hukosea wakiandika *di jual*. Di iliyotengwa humaanisha mahali, kama *di pasar*, sokoni.