Sampuli ya Kazi Baada ya Mahojiano

Anayetoka kwenye mahojiano ya kazi Butembo au Beni mara nyingi huondoka na swali moja alilolijibu nusu. Sampuli ya kazi hutumwa kwa ajili ya swali hilo. Ukirundika mafaili kumi ili uonekane hodari, unamwachia msomaji kazi ya kutafuta, na wanakamati hawatafuti.

Tuchukue mwombaji wa nafasi ya karani wa takwimu katika shirika la afya. Ameulizwa atafanyaje orodha ya ufuatiliaji ikija na majina yaliyojirudia. Huku kwetu swali hilo ni zito. Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, kila aliyegusana na mgonjwa alitakiwa kufuatiliwa kwa siku 21. Mtu akiandikwa mara mbili, au wawili wakihesabiwa mmoja, ufuatiliaji unavurugika. Na kwa Wanande majina hufuata mpangilio wa kuzaliwa, kwa hiyo kina Kambale na Kavira hujaa katika kijiji kimoja. Jina peke yake halithibitishi kitu.

Jioni hiyo anatengeneza jedwali la mistari 20: data ilivyokuja, ilivyosahihishwa, na sababu. Mstari mmoja unasema: “Kavira wawili, kijiji kimoja, umri tofauti: usiunganishe, muulize mfuatiliaji.” Hapo kamati inamwona akifikiri. Majina yote ni ya kubuni. Kutuma orodha halisi ya mwajiri wa zamani ni kuanika siri za wagonjwa, na kwa kamati makini hilo pekee linatosha kumwondoa.

Barua inayosindikiza iwe fupi, kwa lugha ya mahojiano, ambayo mara nyingi ni Kifaransa. Kwa Kiswahili ingesomeka hivi:

“Mliniuliza kuhusu majina yaliyojirudia, na jibu langu lilikuwa fupi mno. Naambatanisha ukurasa mmoja unaoonyesha ninavyofanya. Tazameni hasa mstari wa 7. Data ni ya kubuni, na jedwali nimelitengeneza mwenyewe.”

Sentensi ya kwanza inaeleza kwa nini unaandika, ya pili unachotuma, ya tatu wapi pa kuangalia, ya nne kazi ni ya nani. Asante na jina vinatosha kumalizia.

Ukurasa mmoja utume kama PDF, maana mtandao ukisuasua kiungo hakifunguki. Kiungo kinafaa kwa kazi nzito kama picha au video. Kwenye Google Drive ya Kifaransa, faili likibaki `Limité`, msomaji atatakiwa aombe ruhusa, na wengi huishia hapo. Lifungulie wenye kiungo, kwa haki ya `Lecteur`, kisha lijaribu kwenye simu ya mtu mwingine.

Tuma ndani ya siku moja au mbili, kwa anwani iliyokuita kwenye mahojiano, ukitaja namba ya tangazo. Usipitie WhatsApp ya mwanakamati. Inaonekana kama kutafuta upendeleo. Na tangazo likisema hakuna nyaraka zitakazopokelewa baada ya mahojiano, usitume chochote.