Sisti Hii Ina Mikroni Ngapi?

Kwenye slaidi ya choo iliyotiwa ayodini, sisti ya amiba aitwaye Entamoeba histolytica na ya mwenzake Entamoeba hartmanni hufanana sana. Zote ni za mviringo, na zikikomaa zote huwa na viini vinne. Wa kwanza anaweza kuleta kuhara damu na jipu la ini. Wa pili hana madhara. Mtaalamu wa maabara huzitofautisha kwa ukubwa: sisti ya hartmanni haifiki mikroni 10 kwa upana, ya histolytica huwa kati ya 10 na 20. Mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita, kwa hiyo kukisia kwa macho hakufai.

Kipimo hufanywa kwa rula iliyochorwa kwenye kioo kidogo cha mviringo, ambacho huwekwa ndani ya lenzi ya jicho ya hadubini. Ukichungulia, unaiona rula hiyo yenye migawanyo 100 imelala juu ya kile unachokitazama. Lakini migawanyo yake haina thamani yoyote mpaka uipe. Ukitoka lenzi ya 10 kwenda lenzi ya 40, sisti inakuwa kubwa ilhali rula inabaki vilevile, kwa hiyo mgawanyo mmoja sasa unafunika urefu mdogo zaidi.

Thamani hiyo hutafutwa kwa mikromita ya jukwaa, yaani slaidi iliyochorwa milimita moja iliyogawanywa mara 100, kila mgawanyo mikroni 10. Iweke jukwaani, itafute kwanza kwa lenzi ndogo, kisha panda hadi ya 40. Zungusha lenzi ya jicho mpaka rula mbili ziwe sambamba, halafu sogeza slaidi mpaka sifuri zikutane. Sasa angalia mbali upande wa kulia, mahali ambapo mistari miwili inaangukiana tena barabara. Tuseme mgawanyo wa 80 wa rula ya jicho umeangukia wa 20 wa slaidi. Hiyo ni mikroni 200 kwa migawanyo 80, yaani mikroni 2.5 kwa mgawanyo mmoja. Kadiri unavyochagua makutano ya mbali, ndivyo kosa la kusoma linavyopungua. Na kwa kuwa mistari ya slaidi huonekana minene kwenye lenzi kubwa, soma daima ukingo uleule wa mstari.

Kazi hii hurudiwa kwa kila lenzi na kwa kila hadubini. Baadhi ya hadubini zina lenzi ya ziada kwenye shingo inayokuza mara 1.25, na hapo rula ileile hutoa mikroni 2 badala ya 2.5. Sisti iliyofunika migawanyo minne na nusu ni mikroni 9 kwa hadubini hiyo. Ukitumia thamani ya hadubini ya jirani unapata zaidi ya 11, na hartmanni asiye na hatia anaandikwa kuwa histolytica.

Baada ya upana, vihesabiwe viini, na hapa wengi huchanganya ukuzaji na upambanuzi. Ukuzaji ni ukubwa wa picha. Upambanuzi ni umbali mdogo kabisa kati ya nukta mbili ambazo bado zinaonekana kuwa mbili. Ernst Abbe alieleza mwaka 1873 kwamba mpaka huo unatokana na mawimbi ya mwanga na upana wa pembe ambayo lenzi inaweza kupokea mwanga. Uwezo huo ni ile namba ya pili iliyochongwa ubavuni mwa lenzi: 0.65 kwa lenzi ya kawaida ya 40, 1.25 kwa ile ya 100 ya mafuta. Ya kwanza hutenganisha nukta zilizoachana takriban nusu mikroni, ya pili karibu robo.

Ukibadilisha lenzi ya jicho ya 10 ukaweka ya 25, viini vitakuwa vikubwa zaidi lakini ukungu wao utakua navyo, kama picha ya simu iliyovutwa kupita kiasi. Kanuni ya wataalamu ni kwamba ukuzaji wote usizidi mara 1000 ya namba hiyo ya pili. Kwa lenzi ya 0.65 mwisho wake ni mara 650. Anayetaka kuviona viini vyema aende kwenye mafuta. Pia asibane sana kiwambo cha kondensa: picha hupata weusi unaopendeza, lakini upambanuzi hupungua.

Mpaka huo unahusu hata vipimo. Ukingo wa sisti wenyewe una ukungu wa nusu mikroni, kwa hiyo anayeandika mikroni 12.37 ameandika tarakimu ambazo hadubini yake haikumpa. Aandike 12 au 12.5.

Tena kuna amiba wa tatu, Entamoeba dispar, asiye na madhara, ambaye sisti yake inalingana na ya histolytica kwa ukubwa na kwa viini. Huyo hatofautishwi kwa rula wala kwa lenzi. Inahitajika kupima antijeni au vinasaba. Ndiyo maana ripoti ya hadubini iliyoandikwa vizuri huwataja wote wawili pamoja: Entamoeba histolytica/dispar.