Mstari wa katikati ndio wenye habari

Watu wengi wakikabidhiwa hesabu ya faida na hasara huruka moja kwa moja hadi mstari wa mwisho. Wanakosa habari yenyewe, maana hesabu hii hushuka kwa ngazi, na kila ngazi ina swali lake.

Tuchukue kiwanda kidogo cha mikate, mfano wa kubuni, kilichouza mikate ya shilingi milioni 240 kwa mwaka. Kwanza huondolewa gharama za bidhaa zilizouzwa: unga, sukari, hamira, gesi ya tanuri na mishahara ya waokaji. Zote ni milioni 150, hivyo faida ghafi ni milioni 90. Kisha hutolewa gharama za uendeshaji, yaani kodi ya pango, mishahara ya ofisini, mafuta ya gari la kusambazia na uchakavu wa mitambo, jumla milioni 60. Inabaki faida ya uendeshaji ya milioni 30.

Hapo ndipo pa kutua. Hadi mstari huu hatujagusa mkopo wala kodi ya mapato. Tumepima uokaji peke yake, na unalipa. Sasa benki inadai riba ya milioni 18. Zinabaki milioni 12, na kodi ya asilimia 30, kama sheria ya kodi haikuleta marekebisho mengine, inachukua milioni 3.6. Faida halisi ni milioni 8.4. Aliyeangalia mstari wa mwisho tu angemlaumu mwokaji, kumbe kinachokula faida ni deni.

Ngazi hizi huchezewa pia. Mishahara ya waokaji, tuseme milioni 36, ikihamishiwa kwenye gharama za uendeshaji, faida ghafi hupanda hadi milioni 126 na faida ya uendeshaji haitikisiki. Ukiona faida ghafi imeruka kutoka asilimia 37.5 ya mauzo hadi 52.5, na bei ya mkate na ya unga ni zilezile, uliza nani kahamishwa.

Ajabu ni kwamba viwango vya kimataifa vya uhasibu havikulazimisha mstari wa faida ya uendeshaji; kila kampuni iliuchora itakavyo. Kiwango kipya, IFRS 18, kilichotolewa 2024, kinaulazimisha kwa miaka ya hesabu inayoanza Januari 1, 2027 au baadaye.

Mwenye kiwanda atauliza: hizo milioni 8.4 ziko wapi? Tukichukulia anauza na kununua kwa taslimu, na kodi imeshalipwa, uchakavu wa milioni 10 ulikatwa bila pesa kutoka, kwa hiyo mkononi zilibaki milioni 18.4. Lakini alirejesha milioni 15 za mkopo wenyewe, na marejesho hayo hayaandikwi popote kwenye hesabu hii. Riba tu ndiyo huandikwa. Benki atakuta milioni 3.4.