Kupima Urefu wa Sentensi na Ugeni wa Maneno: Kikaratasi cha Ubatizo wa Dharura

Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa kuna vigango vilivyo mbali na parokia, na masika yakishika barabara, padre hawezi kuitwa usiku akafika kabla ya mapambazuko. Ndiyo maana kanuni ya 861 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 ina uzito wa pekee huku kwetu. Inasema kwamba, panapokuwa na ulazima, mtu yeyote mwenye nia inayotakiwa anaweza kubatiza. Mama wa jumuiya, mkunga, hata jirani. Kwa hiyo tuliandaa kikaratasi cha kuwaeleza watu hao la kufanya mtoto mchanga anapokaribia kufa. Tukakiandika kama tulivyozoea kuandika darasani:

«Endapo mtoto mchanga atakuwa katika hatari ya kifo na mhudumu wa kawaida wa sakramenti akiwa hayupo au amezuilika, mtu yeyote mwenye nia stahiki anaruhusiwa kuadhimisha ubatizo kwa kutumia maji halisi sambamba na kutamka kanuni ya kiliturujia iliyoidhinishwa, pasipo kuongeza wala kupunguza chochote. Baada ya maadhimisho hayo, mhusika anawajibika kumtaarifu paroko wa mahali husika ili taarifa za mbatizwa ziingizwe katika daftari la ubatizo, na iwapo mtoto atanusurika, taratibu zilizosalia zitakamilishwa parokiani.»

Hakuna kosa la mafundisho hapo. Lakini tulitaka kisomwe na mtu aliyeishia darasa la saba miaka mingi iliyopita, ambaye pengine nyumbani anazungumza Kimwera na Kiswahili anakisoma mara chache. Tena akisome kwa mwanga wa tochi huku mtoto anakata roho. Je, kinamfaa? Jibu la «naona ni kigumu kidogo» halitoshi, kwa sababu mwenzako atasema anaona ni rahisi. Tukaamua kupima.

Kipimo cha kwanza hakihitaji chombo chochote ila kalamu. Hesabu maneno yote, hesabu sentensi, kisha gawanya. Kikaratasi chetu kina maneno 70 na sentensi 2, kwa hiyo wastani ni maneno 35 kwa sentensi. Wastani hauelezi yote. Angalia pia sentensi ndefu kuliko zote, maana huko ndiko msomaji anakopotelea. Ya kwanza ina maneno 42. Isome kwa sauti na utaona kwamba pumzi inakwisha kabla hujafika kwenye maji. Mbaya zaidi, kitendo chenyewe, yaani kubatiza, kinatajwa baada ya maneno 25. Msomaji anabeba masharti yote mkononi kabla hajaambiwa ni ya nini.

Kipimo cha pili ni ugeni wa maneno, na hapa kuna mitego. Watu wa Ulaya na Marekani wamezoea kukisia ugeni kwa urefu wa neno. Mswidi Björnsson alitunga mwaka 1968 kipimo kiitwacho LIX. Unachukua wastani wa maneno kwa sentensi, unaujumlisha na asilimia ya maneno yenye herufi zaidi ya sita. Kwa lugha yake kinafaa. Kwa Kiswahili kinadanganya, kwa sababu sisi tunafunga sentensi nzima ndani ya neno moja. «Usisubiri» lina herufi tisa, na hakuna mtoto wa Mbekenyera asiyelielewa. «Nia» lina herufi tatu, nalo lilitusumbua kuliko yote, kama tutakavyoeleza.

Njia iliyo bora kwetu ni ile ya Edgar Dale na Jeanne Chall, waliotoa kipimo chao mwaka 1948. Kanuni yao ya hesabu hatuwezi kuitumia, maana ilipigiwa kwa Kiingereza, lakini wazo la msingi tunaweza kulichukua. Kwa Dale, neno lilihesabiwa kuwa linajulikana ikiwa wanane kati ya kila wanafunzi kumi wa darasa la nne walilijua. Basi tafuta waumini kumi wa aina ile unayoiandikia, uwaulize neno moja moja. Wawili wakishindwa, bado linapita. Wakishindwa watatu, ni geni.

Namna ya kuuliza ndiyo kazi. Ukimwuliza mzee, «Babu, unalijua neno hili?» atakujibu ndiyo kwa heshima, hasa ukiwa umevaa kanzu. Muulize hivi: «Ukilisikia kanisani, unaelewa wanasema nini?» Aeleze kwa maneno yake. Pia lazima uamue mapema neno ni lipi. Sisi tulikubaliana kwamba viambishi vya nafsi na nyakati havilifanyi neno kuwa jipya: anayejua «sema» anajua pia «alisema» na «watakaosema». Lakini mnyambuliko tuliupima peke yake, maana anayejua «zuia» si lazima aelewe «amezuilika».

Orodha ya maneno usiikope kutoka Dar es Salaam. «Stakabadhi» lingeonekana gumu katika kitabu cha shule ya msingi, lakini huku kwenye ufuta na korosho, ambako mazao yanauzwa mnadani kupitia AMCOS na chama kikuu cha RUNALI, kila mkulima anajua stakabadhi ghalani ni nini, na anajua ya kwake imekaa wapi.

Katika maneno 70, tuliyoyahesabu kuwa mageni yalikuwa 14: amezuilika, stahiki, kuadhimisha, sambamba, kiliturujia, iliyoidhinishwa, maadhimisho, mhusika, anawajibika, kumtaarifu, husika, mbatizwa, atanusurika na zilizosalia. Hiyo ni asilimia 20, yaani katika kila maneno matano moja ni giza.

Lakini hatari kubwa zaidi ilikuwa kwenye maneno yaliyopita mtihani. «Mhudumu» kila mtu analijua: ni mhudumu wa zahanati. Kwa hiyo «mhudumu wa kawaida akiwa hayupo» lilieleweka kwamba nesi ametoka. «Nia» wanaijua pia, ni ile unayoandikisha kwa paroko pamoja na sadaka ili isomewe Misa. Na «kutamka kanuni»? Mkatoliki anayejua Kanuni ya Imani ataanza Nasadiki. Fikirini mtoto anakata roho na mama yuko katikati ya «Pontio Pilato». Orodha ya maneno haiwezi kuliona kosa la namna hii, kwa sababu neno linafahamika, ila kwa maana nyingine. Ndiyo sababu mtu aeleze maana, asijibu ndiyo au hapana tu.

Tukaandika upya. Jaribio la kwanza lilipendeza sana kwa namba: sentensi fupi, hakuna neno geni hata moja. Lilisema, «Mpake maji usoni.» Tulifurahi mpaka mmoja wetu aliposoma kanuni ya 854, inayosema ubatizo unatolewa kwa kuzamisha au kwa kumimina. Kupaka si kumimina. Maji yanapaswa kutiririka juu ya mwili, na kidole kilicholowa kinaacha mashaka kama mtoto amebatizwa. Tungekuwa tumesambaza kikaratasi rahisi cha kufundisha ubatizo wenye shaka.

Hatari ya jinsi hiyo imo pia katika maneno ya ubatizo. Agosti 2020 Idara ya Mafundisho ya Imani ya Vatikano ilijibu kwamba ubatizo uliotolewa kwa maneno «Tunakubatiza» si halali, na waliobatizwa hivyo wabatizwe kwa namna iliyo sahihi. Sasa pima «Nakubatiza» na «Tunakubatiza» kwa vipimo vyetu. Sentensi ina urefu uleule na ugeni uleule, hakuna tofauti hata chembe. Kwa hiyo kabla ya kupunguza chochote, pigia mstari maneno yasiyoguswa, uyanakili kutoka kitabu cha ibada, na usiyaingize katika kazi ya kurahisisha.

Baada ya masahihisho hayo, kikaratasi kikawa hivi:

«Mtoto mchanga anaweza kuzidiwa akawa karibu kufa. Kama padre au shemasi hayupo karibu, usisubiri. Wewe mwenyewe unaweza kumbatiza, hata kama si katekista. Chukua maji ya kawaida, ya kisimani au ya mtoni. Mmiminie kichwani mpaka maji yatiririke. Maji yakiwa yanatiririka, sema: Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Usiongeze neno wala usipunguze. Fanya hivyo kwa kutaka kweli kumbatiza kama Kanisa linavyobatiza. Kisha mpe taarifa paroko au katekista, ili jina la mtoto liandikwe kwenye daftari la ubatizo. Mtoto akipona, mlete kanisani kwa ibada zilizobaki.»

Maneno ni 87, sentensi 10, wastani 8.7. Kimeongezeka maneno 17, na hatukujuta: kurahisisha si kufupisha. Sentensi ndefu kuliko zote sasa ina maneno 16, nayo ni ile yenye maneno ya ubatizo, ambayo haikatwi. Neno geni lililobaki ni moja, «shemasi», kwa sababu katika baadhi ya vigango watu hawajamwona. Tumeliacha, maana shemasi naye ni mbatizaji wa kawaida pamoja na askofu na padre, na kumfuta kungekuwa kusema uongo kwa ajili ya namba.

Kwa udadisi tulikipima pia kwa LIX. Maneno yenye herufi zaidi ya sita ni 29, theluthi moja kamili. Jumlisha 33.3 na 8.7 upate 42, kiwango ambacho kwa Kiswidi ni cha habari za gazeti. Sentensi za maneno manane, «chukua maji», «mlete kanisani», zinahesabiwa sawa na gazeti! Anayetaka kupima Kiswahili kwa chombo cha kompyuta kilichotengenezwa kwa lugha nyingine akumbuke hesabu hiyo.

Ile sentensi ya nia tuliihangaikia kuliko zote. Tulikuwa tumeifuta kabisa ili kulikimbia neno «nia», namba zikashuka vizuri, na sharti la sakramenti likapotea. Ndipo tukaandika «kwa kutaka kweli kumbatiza». Bado si nyepesi. Ukipata iliyo bora, tuandikie.

Mwisho tukaweka kalamu chini. Tulimpa mama mmoja kikaratasi, kikombe cha maji na furushi la kanga lililokunjwa kama mtoto, tukamwomba asome kisha atende. Tulikuwa tunaangalia mambo matatu: je, maji yanatiririka, je, maneno yanasemwa maji yakitiririka au baada yake, na je, anaanza na «Nakubatiza». Alifanya yote matatu sawasawa. Kisha akauliza kitu ambacho hakikuwa katika maandishi ya kwanza wala ya pili: «Na kama mtoto amekufa hajapewa jina, kwenye daftari mtaandika nini?» Swali tumelipeleka kwa paroko, na kikaratasi kitapata sentensi ya kumi na moja.