Bendi ya Kwanza: Besi, Bili na Kopi

Mwaka 1968 jijini London, mwanafunzi wa Imperial College, Brian May, alibandika tangazo chuoni la kutafuta mpiga drams. Akapatikana Roger Taylor, wakaanzisha bendi ya Smile. Mwaka 1970 mpiga besi wao aliondoka, na akaingia mwimbaji mzaliwa wa Unguja, Farrokh Bulsara, ambaye dunia inamjua kama Freddie Mercury. Queen ikazaliwa. Besi, hata hivyo, iliwasumbua: walijaribu wapigaji kadhaa hadi mwaka 1971 walipompata John Deacon.

Hata leo waimbaji na wapiga gitaa ni wengi, ila besi na drams hazina watu. Mkiwa na wapiga gitaa watatu, mmoja ahamie besi. Paul McCartney alifanya hivyo mwaka 1961, Stuart Sutcliffe alipoiacha The Beatles. Mpiga drams ndiye wa kutafutwa hasa. Anapokuja kujaribiwa, mpeni nyimbo mbili wiki moja kabla. Msivutiwe na kasi ya mikono yake. Sikilizeni kama mwendo alioanza nao ndio anaomaliza nao.

Kwa kuwa drams zina kelele na majirani hawana subira, mtakodi chumba chenye vyombo. Tuseme mko wanne, chumba ni shilingi 1,000 kwa saa, na mnafanya mazoezi saa mbili kila wiki. Kwa wiki nne ni shilingi 8,000, yaani 2,000 kila mtu. Bendi nyingi changa huwatoza waliofika tu. Siku mmoja asipotokea, watatu waliobaki hulipa karibu 670 badala ya 500, huku mtoro akiokoa pesa yake. Akirudia mara tatu, ugomvi umeshaanza. Afadhali kila mmoja atoe 2,000 mwanzo wa mwezi, aje asije. Nyuzi na vijiti kila mtu ajinunulie. Na wimbo ukajifunziwe nyumbani. Mkiufundishana chumbani, mnalipia darasa.

Je, mpige kopi au nyimbo zenu? Albamu ya kwanza ya The Beatles, ya mwaka 1963, ina nyimbo 14, na 6 kati yake ni za watu wengine. Faida ya kopi ni kwamba kila mmoja anajua wimbo unavyopaswa kusikika, hivyo kosa linajulikana ni la nani. Katika wimbo wenu mpya, mpiga besi akipotea atasema ndivyo alivyoutunga.

Basi anzeni na kopi tano, kisha leteni wimbo wenu mmoja. Rekodini mazoezi kwa simu, msikilize kesho yake. Wimbo huo ukisimama bila kuyumba katikati ya zile kopi, ondoeni kopi moja, mlete wa pili. Na kabla ya kuupiga mbele za watu, andikeni nani katunga nini, kwa maana wimbo ukipendwa kila mtu hukumbuka kuwa ni wake.