Barua Isiyo na "Hapana"

Tokyo iko mbele ya Moshi kwa saa 6. Barua pepe iliyoandikwa kule saa nane mchana humkuta meneja wa mauzo wa kampuni ya kahawa akifungua kompyuta yake saa mbili asubuhi, kikombe cha kwanza kikiwa bado cha moto. Kisa hiki kimetungwa kwa ajili ya makala haya, lakini sentensi za Kijapani zilizomo si za kutunga: ndizo zinazotumwa kila siku ya kazi na makampuni ya Japani, neno kwa neno.

Meneja alikuwa ametuma pendekezo la kontena moja la arabika ya Kilimanjaro, magunia 320 ya kilo 60 kila moja. Alikuwa na sababu ya kuwa na matumaini. Japani ni mnunuzi wa siku nyingi wa kahawa ya Tanzania, na jina la mlima wenyewe, wanalolitamka "Kirimanjaro", limeandikwa kwenye paketi madukani kote nchini humo. Jibu lilikuja kwa Kijapani. Kijana wa ofisini aliyewahi kusoma lugha hiyo kwa muhula mmoja alilifasiri hivi:

"Tunashukuru kwa fadhila zenu za kila siku. Tumepokea pendekezo lenu lenye thamani, tunashukuru kwa dhati. Baada ya kulitafakari kwa makini ndani ya kampuni, ingawa mmelitoa kwa taabu, kwa masikitiko makubwa imetokea kwamba safari hii tunaomba kulisindikiza. Tunaomba radhi kwa kutofikia matarajio yenu. Ikitokea fursa nyingine, tunaomba ushirikiano wenu. Tunaiombea kampuni yenu izidi kustawi."

Shukrani mara mbili, radhi mara moja, dua mwishoni. Meneja akasoma tena, akatabasamu. "Hawa wanaitaka," akasema, "tatizo ni bei." Siku hiyohiyo akajibu kwa punguzo la asilimia 5.

Barua ile ilikuwa imemkatalia kabisa. Tena kwa Mjapani yeyote wa ofisini, haikuwa na fumbo hata kidogo.

Ugumu wa kwanza ni mahali pa kutafutia kukataa. Msemaji wa Kiswahili huanza nako: "hatuwezi", "sitaki", "hatutanunua". Silabi ya kwanza tu na msikilizaji ameshajua anakokwenda. Kijapani huweka kitenzi mwisho wa sentensi, na ukanushi mwisho wa kitenzi. Msomaji hupita kwanza kwenye shukrani, heshima na masikitiko, ndipo afike kwenye uamuzi. Kwa hiyo Wajapani wamezoea kusoma dalili za njiani. Maneno hayo ya kulainisha wanayaita "kusshon kotoba", yaani maneno ya mto, kama mto unaowekewa mgeni ili asiumie akikaa. Kazi yake si kupamba. Yanatangaza kwamba kitu kigumu kinakuja.

Katika barua ya Moshi, tangazo la kwanza ni "sekkaku no goteian dewa gozaimasu ga". Kijana alilifasiri "ingawa mmelitoa kwa taabu", na hakukosea. Alichokosa ni uzito wa kile kisilabi cha mwisho, "ga", ambacho ni "lakini". Neno "sekkaku" linakiri kwamba mtu amejisumbua. Likifuatwa na "ga" katika jibu la pendekezo, maana yake ni kwamba usumbufu huo hautazaa tunda. Baada yake huja "zannen nagara", kwa masikitiko. Mfanyakazi wa Osaka akifika hapo ameshajua jibu, na sentensi iliyobaki anaisoma kwa kukamilisha tu.

Kisha likaja neno lenyewe la hukumu, "miokuru". Ni kitenzi kizuri, na Kiswahili kina bahati ya kuwa na ndugu yake: kusindikiza. Ukimfikisha mgeni kituoni ukasimama ukilitazama gari mpaka lipotee, hiyo ndiyo miokuru. Mchezaji wa besiboli anayeuacha mpira umpite bila kuupiga naye amefanya hivyohivyo. Katika biashara, kusindikiza pendekezo ni kuliacha liende zake. Katika maandishi ya Kijapani neno hilo huonekana hivi: 見送. Meneja asiyejua herufi nyingine yoyote ya Kijapani akizitambua hizi mbili, atakuwa amejiokolea mengi, maana zikiwa kwenye jibu la pendekezo, pendekezo limekataliwa.

Tazama pia nani aliyekataa. Hakuna. Sentensi inaishia na "koto to narimashita", yaani imekuwa hivyo, imetokea hivyo. Hakuna "tumeamua", hakuna mkurugenzi, hakuna idara. Uamuzi umeshuka kama mvua. Kwa sikio la Kiswahili, jambo lisilo na mwenyewe laweza kusukumwa. Labda ukimpata mwenyewe mtazungumza. Kwa Kijapani ni kinyume: uamuzi ulioandikwa hivyo umeshapita kwa wote waliopaswa kuuona, na hakuna mtu mmoja wa kubembelezwa.

Hata ile dua ya mwisho, "oinori moshiagemasu", ina sifa yake. Vijana wanaotafuta kazi Japani huzipokea barua za aina hiyo kwa wingi, kiasi kwamba wamezipa jina: "oinori meeru", barua pepe za dua. Aliyekosa kazi huwaambia wenzake kwamba ameombewa.

Siku mbili baadaye Tokyo ikajibu lile punguzo. Barua ya pili ilikuwa fupi, na humo ndimo kijana wa ofisini alipoteleza vibaya zaidi. Ilisema: "ouke itashikanemasu". Katika muhula wake mmoja alikuwa amefundishwa kwamba kitenzi kinachoishia na "-masu" kinakubali, na kinachoishia na "-masen" kinakana. Hapa kuna "-masu". Tena "ouke" inatokana na kupokea. Akaandika: "Tunapokea." Ofisi nzima ikachangamka.

Kati ya kupokea na "-masu" kuna "kane". Kitenzi cha Kijapani kikiunganishwa na "-kaneru", hugeuka kuwa jambo ambalo msemaji hawezi au si vyema alifanye, ingawa hakuna alama yoyote ya ukanushi. "Ouke itashikanemasu" ni "hatuwezi kupokea". Mtindo huu ni wa kila mahali katika lugha ya huduma. Duka la Japani lisilorudisha bidhaa zilizouzwa huandika mlangoni neno lenye mwisho huohuo, na wateja wanaelewa kwamba bidhaa hazirudishwi. Kibaya zaidi, ukanushi wake hugeuza maana upande wa pili: "-kanenai" husema kwamba jambo laweza kutokea, aghalabu jambo baya. Kwa hiyo umbo linaloonekana kukubali linakataa, na umbo linaloonekana kukataa linakubali. Kwenye skrini, alama ya kutafuta ni かねます. Mtego huu hauwaumi wavivu. Unawaumiza waliojifunza kidogo.

Kuna neno la tatu ambalo barua ile haikulitumia, nalo ndilo linalowasumbua wengi: "kento". Ni kutafakari, kuchunguza jambo. "Kento itashimasu" ni "tutalitafakari", na likiachwa hivyo, peke yake, bila siku na bila swali, kwa kawaida ndio mwisho wa mazungumzo. Wakalimani wa Japani wana kisa wanachopenda kukisimulia cha ndugu yake neno hili, "zensho shimasu", yaani tutalishughulikia vyema. Inasimuliwa kwamba Waziri Mkuu Sato Eisaku alimjibu hivyo Rais Richard Nixon wa Marekani, aliyekuwa akimbana kuhusu nguo za Japani zilizofurika soko la Marekani. Nixon akasikia ahadi, Sato alikuwa amekwepa kwa adabu, na Washington ikaja kumwona kama mtu aliyevunja neno.

Hata hivyo si kila kento ni kukataa. Makampuni mengi ya Japani hupitisha uamuzi kwa hati iitwayo "ringisho", inayozunguka meza kwa meza ikipigwa mihuri, na ucheleweshaji wa wiki kadhaa waweza kuwa wa kweli. Tofauti huonekana katika kilichoambatana na neno. Anayetafakari kweli huuliza: cheti cha vipimo vya mabaki ya dawa kiko wapi, mavuno ni ya msimu gani, meli inaondoka lini. Swali la mabaki ya dawa halina urafiki hata kidogo kwa sura yake, lakini lina uzito, kwa sababu tangu Mei 2006 Japani huzuia chakula chenye zaidi ya 0.01 ya mabaki kwa kila sehemu milioni, pale ambapo dawa husika haijapangiwa kiwango chake. Asiye na nia ya kununua hana haja ya kuuliza hayo. Kwa maneno mengine, barua kavu iliyojaa maswali ni habari njema kuliko barua tamu isiyo na swali hata moja.

Kosa la meneja, kwa kweli, halikuwa la sarufi tu. Alidhani sababu isiyotajwa ni mlango wa mapatano. Angejiuliza ni mara ngapi amesikia kwao mshenga akijibiwa kwamba mtoto bado anasoma. Mshenga huyo hanyanyuki akasema, "Basi ada tutalipa sisi." Hushukuru, humaliza chai yake, huaga. Anajua amejibiwa, na anajua wenyeji wamempa njia ya kuondoka bila aibu. Punguzo la asilimia 5 lilikuwa ni kujitolea kulipa ada: liliulazimisha upande wa Tokyo ukatae mara ya pili, safari hii kwa maneno mafupi zaidi.

Jibu lililofaa lilikuwa la sentensi tatu. Kwanza shukrani kwa kutafakari, "gokento itadaki arigato gozaimashita". Pili, kukubali bila kuuliza kwa nini. Tatu, kutaja wakati mahususi wa kuandika tena, kwa mfano kabla ya Aprili 1, siku ambayo makampuni mengi ya Japani huanza mwaka wao wa fedha. Ile "fursa nyingine" ya Tokyo ilikuwa kauli ya kuagana; tarehe ya upande wa Moshi ndiyo ingeweza kuipa mwili.

Meneja aliandika hivyo, akiwa amechelewa. Februari alituma orodha ya kahawa ya mavuno mapya, bila kugusia yaliyopita. Jibu la safari hii lilikuwa na mistari minne. Halikumsifu, wala halikumwombea. Lilitaka gramu 300 za sampuli kutoka kila fungu, cheti cha maabara, na anwani ya mtumaji kwa ajili ya forodha, vyote viwe vimefika kabla ya tarehe 20.