Dhahabu, dola 2,075 na ukanda usioonekana

Kwa zaidi ya miaka mitatu, wafanyabiashara wa dhahabu walikuwa na namba moja vichwani: dola 2,075 kwa aunsi. Bei ilifika hapo Agosti 2020, ikageuka. Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, ilipanda tena hadi karibu 2,070, ikageuka. Mei 2023 ikarudia yale yale. Wengi walipiga mstari mmoja mwembamba kwenye chati zao na kuuita rezistansi, yaani kiwango ambacho wauzaji huzidi nguvu wanunuzi na bei kushindwa kupanda. Chini ya bei, kiwango ambacho wanunuzi huizuia isishuke huitwa sapoti.

Tatizo la mstari huo ni kwamba haukuwa na mahali pamoja pa kukaa. Dhahabu ya papo kwa papo, ile inayosomeka XAUUSD kwenye simu, haiuzwi katika soko moja lenye bei moja rasmi. Kila broka huchukua bei kutoka kwa mabenki na wauzaji wake. Kilele cha Mei 2023 kilionekana karibu na 2,072 kwenye baadhi ya chati, na karibu na 2,080 kwenye nyingine. Watu wawili waliochora kwa uangalifu uleule wangepata mistari miwili tofauti, na wote wangekuwa sahihi.

Wauzaji wenyewe pia hawasimami kwenye senti moja. Aliyenunua mwaka 2020 kwa 2,060 akakaa na hasara miaka miwili hungoja bei yake irudi ili atoke salama. Mwingine huweka oda ya kuuza 2,050 kwa sababu ni namba ya mviringo, na mwingine huihofia bei akawahi kabla haijafika. Oda hizo zikijumlishwa hupatikana eneo lenye upana, na ndilo linalostahili kuchorwa.

Namna ya kulichora haina uchawi. Kwenye chati ya siku, kila mshumaa una mwili, unaoonyesha bei ya kufungua na ya kufunga, na utambi, unaoonyesha mahali bei ilipofika kisha ikarudi. Katika majaribio yale matatu, tambi zilifika kati ya 2,070 na 2,080, lakini siku ilipofungwa bei ilikuwa imesharudi chini: karibu 2,063 mwaka 2020, na karibu 2,050 katika yale mawili yaliyofuata. Basi mpaka wa chini wa ukanda unawekwa 2,050, ilipokomea miili, na wa juu 2,080, zilipokomea tambi. Upana ni dola 30. Wakati huo dhahabu ilizoea kutembea dola 20 hadi 30 kwa siku, kwa hiyo ukanda huo ulilingana na mwendo wa siku moja. Kama ungetoka dola 120, mchoraji angekuwa amechanganya maeneo mawili, na mchoro usingemwambia tena anunue wala auze wapi.

Desemba 2023 ndiyo iliyopima michoro hii. Asubuhi ya tarehe 4, soko la Asia lilipofunguka, dhahabu iliruka hadi zaidi ya 2,130. Mwenye mstari wa 2,075 aliona umevunjika, na wengi walinunua hapo juu. Kabla siku haijaisha bei ilikuwa imeanguka hadi karibu 2,030, chini ya ukanda wote. Aliyekuwa akingoja siku ifungwe juu ya 2,080 hakuwa na sababu ya kununua. Siku chache kabla ya mwaka mpya bei ilifunga karibu 2,077: mstari ulikuwa umevukwa, ukanda bado. Ikarudi chini tena.

Tarehe 1 Machi 2024 dhahabu ilifunga juu kidogo ya 2,080, na siku ya biashara iliyofuata ikavuka 2,100. Safari hii haikugeuka.

Ukanda una gharama yake, na ni haki msomaji aijue. Anayengoja bei ifunge nje ya mpaka wa juu huingia akiwa amechelewa, na akiweka oda ya kukata hasara chini ya mpaka wa pili, hasara inayowezekana huzidi dola 30 kwa aunsi. Lazima apunguze kiasi anachonunua ili akaunti ihimili. Halafu kuna waliofuata kanuni iliyozoeleka, kwamba rezistansi ikivunjwa hugeuka sapoti na bei hurudi kuigusa kabla ya kuendelea. Bei ilipovuka 2,100, waliweka oda zao za kununua karibu na 2,080 wakangoja. Mwaka 2024 ulipoisha, dhahabu ilikuwa juu ya 2,600 na oda zile hazikuwahi kuguswa.